Kabla hujatuma amana ya chumba Uingereza: soma mlango, sanduku la posta na anwani pichani

Tangazo la chumba linakuja kwenye kundi la WhatsApp: "Chumba Peckham, London SE15, karibu na stesheni, pauni 550 kwa mwezi, tuma amana leo, wengi wanakihitaji." Chini yake kuna picha tatu za ndani na moja ya barabarani. Aliye Dodoma au Kisumu akisubiri viza hawezi kwenda kugonga mlango. Za ndani zipuuze, kwa kuwa kitanda na pazia vinaweza kuwa popote duniani. Ya barabarani ndiyo yenye ushahidi.

Sisi tuliozoea S.L.P. tunajua anwani inayoonyesha barua inachukuliwa wapi, si nyumba ilipo. Uingereza ni kinyume. Namba ya nyumba na postikodi vinatosha kumfikisha mtu mlangoni, maana postikodi moja hubeba wastani wa anwani 15 hivi, mara nyingi kipande tu cha mtaa.

Basi anzia kwenye maandishi ya tangazo. Postikodi ina sehemu mbili. Ya kwanza, kama SE15, inataja eneo. Ya pili daima ni tarakimu moja na herufi mbili, na katika herufi hizo mbili hutakuta kamwe C, I, K, M, O wala V. Mtu akikuandikia SE15 4KM, huna haja ya kufungua ramani: ameitunga. Kanuni hiyo hiyo inasaidia picha ikiwa na ukungu. Ukiona kitu kama O mwishoni, ni D au Q, si O.

Herufi za mwanzo nazo zina mtego. Katikati ya London hutumika E, EC, N, NW, SE, SW, W na WC. Ukiona NE usidhani ni kaskazini mashariki mwa London, maana hiyo ni Newcastle. S peke yake ni Sheffield. Wilaya za posta za NE na S ziliwahi kuwepo London, zikafutwa katika miaka ya 1860. Kwa upande mwingine, vitongoji vya nje vina herufi zao, kama CR ya Croydon na HA ya Harrow, kwa hiyo kukosekana kwa SE au N hakumaanishi kwamba nyumba haiko London.

Sasa picha yenyewe. Tuseme inaonyesha jengo la mawe la ghorofa nne, mlango mmoja mkubwa wenye namba 34 juu yake, na pembeni bamba la kengele lenye vitufe vinane. Kwenye kona ya picha kuna sanduku jekundu la posta.

Vuta karibu bamba la kengele kwanza. Fleti za London kwa kawaida huandikwa Flat 1, Flat 2, au 34A na 34B kama nyumba ya zamani imegawanywa. Hapa kitufe kimoja kimeandikwa 2/1. Huo ni mtindo wa Glasgow, Uskoti: ghorofa ya pili, fleti ya kwanza. Ya chini kabisa huwa 0/1 au 0/2. Edinburgh huandika 2F1 kwa maana ileile, na utaona kwenye anwani kamili "34 (2F1)" au "2F1, 34". Alama moja ndogo kama hii ina uzito kuliko rangi ya matofali.

Halafu sanduku. Masanduku ya Royal Mail, shirika la posta la Uingereza, huwa na herufi za mfalme au malkia aliyekuwa madarakani lilipotengenezwa: VR ni Viktoria, GR ni George wa Tano, G VI R ni George wa Sita, E II R ni Elizabeth wa Pili. La kwanza la Charles, lenye C III R, lilizinduliwa Great Cambourne mwaka 2024. Lakini Uskoti ina kisa chake. Elizabeth wa Kwanza hakuitawala Uskoti, hivyo wengi walikataa kumwita huyu "wa Pili." Sanduku lenye E II R lililowekwa mtaa wa Inch, Edinburgh, mwishoni mwa 1952 lililipuliwa Februari 1953. Tangu hapo masanduku mapya ya Uskoti yakawekewa taji la Uskoti tu, bila herufi.

Kwa hiyo taji peke yake linaelekeza Uskoti. Angalia tu usichanganye na sanduku lisilo na alama yoyote, wala taji wala herufi: kati ya 1879 na 1887 yalitengenezwa mengi ya namna hiyo, na bado yako mitaani Uingereza. Pia VR au GR haikuambii lolote kuhusu mpaka wa Uskoti, maana ya zamani yaliachwa palepale. Na kama sanduku ni la kijani, kwa kawaida umeshatoka nje ya nchi: hiyo ni Jamhuri ya Ayalandi, ambako masanduku ya enzi ya Viktoria yalipakwa kijani tu juu ya VR. Belfast, iliyo Ireland ya Kaskazini, masanduku yake ni mekundu.

Kama picha ni kali vya kutosha, usiishie kwenye taji. Kwenye bamba jeupe la saa za kuchukua barua kuna namba ya sanduku, na mara nyingi huanza na herufi na tarakimu za eneo la posta. Ikianza na G41, ambayo ni ya Glasgow, mjadala umekwisha. Peckham haina G41.

Tuseme mwenye tangazo anajitetea: "Picha hiyo ilikosewa, hii ndiyo sahihi," na analeta nyingine ya nyumba za safu za matofali. Mlangoni kuna upenyo wa barua, jambo la kawaida Uingereza. (Kisanduku juu ya mguu kando ya barabara, chenye kibendera chekundu, ni cha Marekani.) Sasa tafuta kibao cha mtaa, ambacho London mara nyingi hufungwa ukutani kwenye kona na kubeba wilaya ya posta pamoja na jina la halmashauri. Peckham iko Southwark. Kibao chenye jina la halmashauri usiyoipata kwenye ramani ya leo si lazima kiwe cha uongo, kwa sababu mipaka ilibadilishwa 1965 na vibao vya zamani vingi havikung'olewa.

Kisha namba za majirani. Kawaida witiri ziko upande mmoja na shufwa upande wa pili, hivyo ubavuni mwa 34 utegemee 32 na 36. Ukiona 33 na 35, linganisha na Street View kabla ya kumshutumu mtu, kwani mitaa ya zamani, viwanja na vichochoro vilivyozibwa huhesabu mfululizo.

Mwisho ingiza namba na postikodi kwenye Postcode Finder ya Royal Mail. Ukiambiwa kuna anwani moja tu huku tangazo likisema Flat 3, muulize. Inaweza kuwa nyumba iligawanywa bila fleti kusajiliwa posta, na hilo lina shida zake, kwa sababu barua za benki zitakuja kwa jina la nyumba nzima.

Hayo yote yanathibitisha jengo, si mwenye funguo. Tapeli hodari huchukua picha ya kweli ya nyumba ya kweli. Mwombe video moja isiyokatwa, ianze kwenye kibao cha mtaa, ipite namba ya mlango na bamba la kengele, kisha afungue mlango na kuingia mpaka chumbani.