Kalamu mbili na makala ya Maji Maji

Jana nimemaliza makala ya kurasa 34 kuhusu Vita vya Maji Maji, nusu nikiisoma kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama. Mara ya kwanza nilinakili karibu kila kitu, kurasa tisa za daftari. Kuzirudia, aibu! Nilikuwa nimeandika "waganga waliwachochea watu" kana kwamba mwandishi ndiye asemaye hivyo. Kumbe hayo ni maneno ya Götzen, gavana wa Kijerumani wakati huo, na mwandishi ameyaleta ili ayapinge.

Nikaanza upya. Nilisoma utangulizi na hitimisho kwanza, nikaandika dai lake kwa sentensi moja, kwa maneno yangu: kilimo cha pamba cha kulazimishwa ndicho kilichowasha vita, na imani kwamba maji ya dawa huzuia risasi ndiyo iliyovieneza. Kisha nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto, kwa kalamu ya bluu, anachodai. Kulia, kwa nyeusi, alichokitoa kwenye nyaraka au kwa mashahidi, pamoja na nani kasema na lini.

Sentensi moja hugawanyika. Wamatumbi kung'oa pamba Julai 1905, hiyo kulia. Kwamba waling'oa kwa kuchoshwa na kazi ya shuruti, hiyo kushoto.

Sasa nina kurasa mbili tu. Ila kushoto pana dai moja kuhusu wanawake, na kulia kwake patupu kabisa. Mara ya kwanza wala sikuliona pengo hilo.