Mzee hakujua niko upande gani

Wiki hii Neema ameanza kidato cha kwanza kule Makete na mkataba wangu umesainiwa tena, lakini kinachonizunguka kichwani ni maneno ya mzee mmoja, mkulima wa viazi kutoka Umalila. Tulikutana mlangoni mwa ukumbi, Uyole, baada ya mjadala wa lumbesa niliouongoza.

“Mwanangu,” alisema, ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, “nimekutazama tangu asubuhi. Natafuta, huyu yuko kwa mkulima au kwa mnunuzi? Sikupata.”

“Na nimekukatisha mara mbili, baba.”

“Umenikatisha. Na yule wa malori umemkatisha vilevile, kwa maneno yaleyale.”

Tangu siku hiyo nayarudia nikipika, nikioga, nikiwa kwenye daladala. Maana lumbesa si jambo la kuongelea kwa upole. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima anajua linavyojazwa mpaka likavimba na kuongezewa wavu juu, huku bei ikibaki ya gunia moja. Mnunuzi naye ana gharama zake za barabarani. Kila aliyeshika maiki alikuwa na hasira yake.

Kwa hiyo tangu mwanzo nilitangaza kwamba humu ndani wote ni “ndugu”. Ukimwita mmoja mheshimiwa na mwingine wewe mama, ukumbi umeshajua nani mkubwa kabla hajafungua mdomo. Kila mtu dakika 3. Ikibaki moja, kijana wa mstari wa mbele anainua kadi ya njano. Zikiisha, sentensi yangu ni moja kwa wote: “Asante, ndugu. Dakika 3 zimekwisha. Anayefuata ni ndugu wa mstari wa nne.” Sisemi “asante kwa hoja nzuri”, kwa sababu nikimsifu huyu nikamnyima yule, nimeshapiga kura.

Yule wa malori aliiona kadi akaipita. Mtu anayejua muda umemwishia havuti pumzi mwisho wa sentensi. Anaivuta katikati, halafu anaunganisha: na pia, lakini vilevile. Ukiingia mwisho wa sentensi hupati nafasi, na ukimpandia juu kwa sauti, ukumbi unasikia ugomvi. Nikamsubiri aseme neno ambalo wote hulisema. Akalisema: “La mwisho kabisa…” Hapo hapo nikaingia, sauti chini kidogo kuliko yake: “La mwisho, ndugu, kwa sentensi moja.” Yeye mwenyewe ndiye aliyetaja mwisho, mimi nimeushika tu. Akasema sentensi yake, mshika maiki akaichukua. Maiki haiachwi mikononi mwa msemaji, hilo nalisimamia kila mara.

Mzee wangu wa Umalila yeye alikuwa akirudia. Anayerudia mara nyingi anahofia hajasikika, basi nikamwonyesha ubao ambako katibu alikuwa ameandika: “Wavu juu ya gunia, bei ileile.” Nikamuuliza, “Ndivyo ulivyosema, ndugu?” Akatikisa kichwa kukubali, akakaa. Sikuongeza neno kwenye hoja yake, wala sikuipunguza.

Nilimsimulia Baba Neema yote haya nikiwa na furaha. Akaniuliza, “Na wale wanawake wanaopanga viazi kwenye magunia, wamesema nini?”

Hawakusema. Salamu za wageni, zilizopangiwa dakika 10, zilikula 25 kabla mimi sijakabidhiwa maiki. Dakika 15 hizo ni watu wanne, ukihesabu na maiki kutembea kutoka kiti hadi kiti. Waliokosa ni wa mwisho kwenye orodha, na wa mwisho walikuwa wao, wamekaa nyuma. Sauti yangu ilikuwa sawa kwa wote waliozungumza, na ndiyo maana mzee alifurahi. Ila muda ulikuwa umeshaegemea upande mmoja, na hakuna sauti inayoweza kuurudisha.

Nimempigia mratibu. Nimemwomba salamu nazo ziingie kwenye saa, kwa kadi ileile, na orodha mara nyingine ianzie viti vya nyuma. La pili amekubali. La kwanza amesema, “Mheshimiwa haonyeshwi kadi, dada.” Nimemjibu kwamba basi aelezwe dakika zake kabla hajapanda jukwaani, na ziandikwe kwenye ratiba anayopewa mkononi. Hajanijibu, na mimi sitaliacha. Kama mgeni mmoja hana kikomo, mkulima ninayemkatisha kwenye dakika ya tatu ana haki ya kuniuliza kwa nini yeye.

Huku nyuma nawaza blanketi la Neema. Orodha ya shule ilisema moja, na kwa baridi ya Makete, Juni ikifika, sijui kama litamtosha.