Mkia ndani: nilivyotafsiri maelezo ya nondo za majengo ya tetemeko

Nilipewa kurasa kumi na mbili za Kiingereza kuhusu ujenzi wa kuhimili matetemeko, nizitafsiri kwa ajili ya mainjinia wa saiti na mafomeni wao mjini Bukoba. Huko hakuna haja ya kumweleza mtu tetemeko ni nini; la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, kila mtu analikumbuka alikuwa wapi. Nikadhani kazi itanichukua wiki moja.

Neno la kwanza kunikwamisha ndilo lililobeba nadharia yote: ile tabia ya jengo kupinda sana bila kuvunjika ghafla. Kamusi ilinipa "unyumbufu". Nikaliandika, kisha nikampa fomeni mmoja mzee asome. Akasema, "Kama mpira, basi. Unavuta, unarudi." Hapo ndipo nilipoona kosa. Chuma tunachokitaka kwenye bimu hakirudi. Kinapinda na kubaki kimepinda, na huko kupinda ndiko kunakomeza nguvu ya mtikisiko. Jengo linaweza kuharibika, lakini watu wanatoka hai. Nikachukua kipande cha waya wa kufungia nondo na kipande cha chaki. Waya nikaupinda, ukabaki hivyo, chaki ikakatika. Kuanzia hapo niliandika "kupinda bila kukatika" kila mahali, ingawa ni maneno matatu badala ya moja.

Ukuta wa zege unaopokea msukumo wa ubavuni niliuita "ukuta wa kukata", tafsiri ya neno kwa neno. Swali la kwanza saiti likawa, "Unakatwa wapi?" Kwa ukuta ambao hutakiwi hata kuutoboa ovyo kupitisha bomba, jina hilo ni hatari. Nikarudi kwenye wanavyosema wenyewe, "ukuta wa shia", nikaongeza sentensi moja ya maelezo: uanzie kwenye msingi, upande hadi juu bila kuruka ghorofa, na usiwekwe upande mmoja tu wa jengo, maana jengo litajizungusha kuufuata.

Lakini kilichonitoa jasho ni ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kuzifunga nondo za wima za nguzo. Maelezo ya asili yalifuata Yurokodi 8, kanuni za Ulaya za majengo ya kuhimili tetemeko, na mfano wake ulikuwa nguzo ya milimita 300 kwa 300, nondo za wima za 16, ringi za 8, urefu wa wazi mita 2.7. Ukipiga hesabu, umbali kati ya ringi na ringi hauruhusiwi kuzidi nusu ya upana wa zege lililofungwa ndani ya ringi. Upana huo, ukipimwa katikati ya ringi, ni 232 baada ya kutoa kila upande milimita 30 za zege la juu linalofunika ringi, na milimita 4 za nusu ya unene wa ringi, kwa hiyo nusu yake ni 116. Mara nane ya nondo ya 16 ni 128, kwa hiyo 116 ndiyo inayotawala, na saiti tunaandika 100. Ringi hizo za karibu zinakaa milimita 450 za juu na 450 za chini. Mimi nikaziita "shingo na mguu wa nguzo", na hakuna aliyeuliza.

Kisha nikaandika: "ncha za ringi zipindwe nyuzi 135." Sahihi kabisa, na ikaharibu kundi zima la ringi. Fundi alipima pembe iliyobaki kati ya mkia na upande wa ringi. Ukipima hivyo, nondo imegeuka nyuzi 45 tu, na mkia unaning'inia wazi, mbaya kuliko hata ile ya 90 waliyoizoea. Hesabu ya vitabuni hupima mzunguko wa nondo kutoka njia yake ya kwanza. Pembe inayobaki ndani ni 45.

Kosa hilo lilikuwa langu, si la fundi. Na si dogo: zege la juu linapobanduka kwenye mtikisiko, ndoano ya 90 hufunguka, ringi inaachia, na nondo za wima zinatoka nje kama miguu ya buibui. Mkia uliozama katikati hauna pa kutokea.

Nikafuta nyuzi zote nikaandika: "Pinda mpaka mkia uelekee katikati ya nguzo, na mkia uwe na urefu wa milimita 80", yaani mara kumi ya nondo ya ringi. Nikaongeza namna ya kukagua: chungulia kutoka juu kabla ya kufunga mbao, ukiona mkia hata mmoja umelala sambamba na ubavu wa nguzo, ringi hiyo itoke. Injinia kijana alinipinga kwamba namba za digrii zingekuwa za kitaalamu zaidi. Zimebaki kwenye mchoro, na mshale unaoonyesha zinapimwa kutoka wapi.

Wiki mbili baadaye nilipita pale. Fomeni alikuwa juu ya ngazi, anachungulia nguzo ya kona, akipiga kelele kwa kijana wa benchi: "Mkia ndani, bwana! Huu umelala!"