Barua niliyomwandikia Shee aliponyimwa viza ya Uingereza

Shee ni mtoto wa mjomba wangu, nahodha wa mashua ya kutembeza wageni pale Shela, Lamu. Dada yake ameolewa Leicester, akajifungua, na Shee aliomba viza ya matembezi akamwone kwa wiki sita, Mei na Juni. Barua ya kukataliwa ilipokuja, alipiga picha kurasa zote akanitumia kwa WhatsApp pamoja na sauti: "Wameniita mwongo. Na humu wametaja hiari ya afisa. Kuna wakala hapa asema kwa elfu arobaini atanipatia mtu wa kuzungumza na huyo afisa. Wasemaje?"

Mimi niko Malindi, kazi yangu ni kupanga makaratasi katika ofisi ya wakili, na barua za namna hii zanipitia mkononi mara kwa mara. Sikutaka kumjibu kwa simu kwa sababu maneno yenyewe yanataka kusomwa pole pole, barua yao ikiwa kando. Nilimwandikia haya, mambo ya nyumbani nimeyatoa.

Ndugu yangu Shee, asalaam aleikum.

Kwanza hizo elfu arobaini ziweke. Nitakuja kwenye hiari, lakini tuanze na neno lililokuuma.

Hawajakuita mwongo. Afisa ameandika kwamba "hajaridhika" kuwa wewe ni mgeni wa kweli, na hiyo ni lugha ya kanuni. Mzigo wa kuthibitisha uko kwako, si kwake. Yeye hupima kipi kina uwezekano zaidi, kwamba utarudi au hutarudi, na karatasi zako hazikuelemea upande wa kurudi. Angekuwa anakutuhumu uongo, ungeona ametaja ile sehemu ya kanuni zao ya taarifa za uongo na hati bandia, na hapo unaweza kufungiwa mlango miaka 10. Nimesoma kurasa zako mstari kwa mstari na sehemu hiyo haimo. Zilizotajwa ni V 4.2 (a), kwamba utaondoka mwisho wa ziara, na V 4.2 (e), kwamba una fedha za kutosha bila kufanya kazi kule. Basi ni hayo mawili tu ya kujibu.

Sasa pale wanaposema mafungamano yako na Kenya hayatoshi. Najua ulivyochukia: mama yako yuko Lamu, umezaliwa Lamu, watasemaje huna mafungamano? Lakini afisa hakuulizi kama waipenda Lamu. Auliza kitu gani kitakachokurudisha Juni ikiisha, na yeye hakijui ila akioneshwa. Kwenye fomu umeandika huna mke, huna mtoto, huna mwajiri, wafanya kazi yako mwenyewe. Ukaambatanisha barua ya chifu. Barua ya chifu kila mtu anayo, Shee. Inasema wewe ni mkaazi na tabia yako ni njema. Haisemi una nini cha kupoteza usiporudi.

Na kumbe unacho. Mashua ni yenu wewe na kaka yako nusu kwa nusu, ina leseni ya Kenya Maritime Authority, na hukuiweka. Mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya usimamizi wa ufuo, akujua miaka yote hii; mwombe barua inayotaja jina la mashua, kazi yako ndani yake, na tangu lini. Hoteli inayokupa wageni ikuandikie kwamba wana safari zako za Takwa na Manda Toto kuanzia Julai. Kisha weka lile jambo ambalo sisi twaliona la kawaida hata hatulisemi: Mei na Juni ni kusi, mvua, hoteli nyingi zimefungwa, mashua imepandishwa pwani yapakwa mafuta ya sifa. Ndiyo maana umechagua miezi hiyo. Afisa hajui kusi wala kaskazi. Yeye ameona tu mtu anayeacha kazi wiki sita, akajiuliza ni kazi gani hiyo isiyomhitaji.

Nyumba ya Langoni usiitaje kama mali yako. Iko kwa jina la bibi, mirathi haijagawanywa, na hati huna. Taja kwamba waishi hapo na mama, na kwamba wewe ndiwe unayemtumia matumizi. Hilo linaonekana kwenye M-Pesa.

M-Pesa ndiyo inanileta kwenye fedha. Ulisema wapata kama 60,000 kwa mwezi. Afisa akafungua taarifa ya benki akakuta akaunti inayoingiwa na elfu tatu, elfu tano, mwezi mwingine haiingiwi kabisa, halafu siku tisa kabla ya maombi zikaingia 250,000 kwa mpigo. Ndipo akaandika kwamba asili ya fedha haijulikani. Mimi najua ni za dada yako. Yeye ajuaje? Ameona akaunti iliyonenepeshwa kwa ajili ya maombi, na hayo huyaona kila siku.

Usizifiche. Kanuni yao ya V 4.3 yaruhusu mtu mwingine akugharimie, mradi yuko kule kihalali, uhusiano wenu ni wa kweli, na aweza kukuhudumia na atafanya hivyo. Basi dada aandike barua kwamba gharama ni zake, aweke hati zake za mshahara, taarifa yake ya benki, nakala ya kibali chake cha ukaazi, na vyeti vyenu viwili vya kuzaliwa vinavyoonesha wazazi wale wale. Kipato chako kioneshe kwa taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, na uandike kwamba wageni wako hulipa huko, si benki. Pale kipato kinaposhuka wakati wa kusi, sema ni kusi. Ila jua hili: fedha za dada zajibu (e) peke yake. Hata angekuwa na mamilioni, hazisemi lolote kuhusu (a).

Sasa hiari. Afisa ameandika kwamba amefikiria kama kuna sababu ya kutumia hiari yake kwa faida yako, na hakuiona. Maana yake, kanuni hukuzitimiza, na nje ya kanuni kuna mlango mdogo kwa mambo mazito ya huruma, kama mzazi aliye mahututi. Kumwona mtoto mchanga ni jambo la furaha, halifiki hapo. Hiari hiyo haiuzwi wala haizungumzwi. Wakala wako hana mtu, na akikutengenezea karatasi ya kuongezea, ndiyo itakayokuingiza kwenye ile sehemu ya hati bandia.

Rufaa hakuna. Wageni wa familia walikuwa nayo mpaka Juni 2013, ikaondolewa. Kuna kwenda mahakamani kwao kuomba uamuzi upitiwe, lakini gharama yake yapita ya maombi kumi. Wewe omba upya. Hawakuwekei muda wa kungoja kabla ya kuomba tena, ila usiombe na karatasi zile zile, maana wamekuandikia wazi kwamba hali isipobadilika jibu huenda likawa lile lile. Na kwenye swali la kama umewahi kukataliwa, andika ndiyo, utaje tarehe ya barua. Wanayo kwenye mashine yao.

Alinijibu usiku huo huo: "Wakala nimemwambia nimeghairi. BMU naenda kesho." Mwenyekiti alimzungusha kidogo kwa sababu Shee alikuwa na ada ya uanachama hajalipa, akalipa, barua ikatoka. Maombi ya pili yalikubaliwa, viza ya miezi 6. Alikaa Leicester wiki tano badala ya sita, kwa sababu kaka yake alipiga simu kwamba wageni wa Julai wamewahi na mashua haijashushwa majini.