Doti ya Shangazi

Baba alifariki alfajiri, mwaka 2009, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Jua halijapanda, jirani yetu wa ukuta mmoja alishafungua ua wake na kuinjika chai ya waombolezaji. Tulimwita Shangazi, ingawa hatuna damu naye.

Tulizika baada ya adhuhuri. Watu wakala uani kwake, maana ua wetu ni mdogo. Masufuria yalitoka nyumba nyingi za mtaa, na Shangazi alifunga uzi kwenye mkono wa kila moja: mwekundu wa nyumba hii, mweusi wa nyumba ile. Hitima ya siku ya tatu ilipokwisha, kila sufuria lilirudi kwa mwenyewe na mfuniko wake. Nimeona misiba iliyoacha ugomvi kwa sababu ya sufuria moja, kwa hiyo nyuzi zile sijazisahau.

Ikafuata eda, miezi 4 na siku 10. Mama yuko ndani, Shangazi ndiye anayemwendea sokoni, na jioni anakuja kukaa naye mkekani, hata kama hawana la kuzungumza.

Eda ilipokaribia kwisha, mama akaniita.
"Nataka kumshukuru jirani yangu. Pesa hapana, ataona tunamlipa kwa kutuzikia. Kanunue doti ya khanga. Lakini soma jina kwanza, usiniletee fumbo."

Dukani, doti iliyonivutia ilikuwa ya zambarau, pindo lake la korosho limechapwa vizuri mno. Nikaikunjua hadi kwenye jina: HASIDI HANA SABABU. Ningempelekea Shangazi ile, mtaa mzima ungeuliza hasidi ni nani kati ya majirani wawili. Nikamrudishia muuzaji. Akanitolea nyingine, nyingi za mapenzi na za kusutana, mpaka tukaipata moja ya manjano na nyeusi: WEMA HAUOZI. Rangi zake hazikunivutia sana, lakini jina lilikuwa lenyewe.

Mama aliisoma, akaifukiza udi. Hakutaka ikatwe wala ipindwe. Alitaka Shangazi aipokee mpya, vipande viwili bado vimeshikana. Alipotoka eda, nyumba ya kwanza kubisha hodi ilikuwa ile ya ukuta mmoja. Nilimfuata nyuma.

Shangazi alisoma jina kwa sauti, akanyamaza kidogo. Kisha akaomba mkasi, akaikata doti katikati, kipande kimoja akamrudishia mama.
"Dada, hii ni yako, nimekupa," mama akasema. "Ya kichwani utajifunga nini?"
"Za kichwani ninazo. Hii tutavaa sote, mie na wewe. Kwani wema huo niliufanya peke yangu? Mume wangu alipolazwa, nani aliwalea wanangu?"

Mama akajifunga kipande chake pale pale, juu ya gauni. Wakaanza kukumbushana mwaka ule wa hospitali, mimi nikaenda kuchemsha kahawa.