Nilipata kazi mbili Lyon, moja nikaikataa kwa Kifaransa: ile imeili niliiandikaje

Nawaandikia hii wenzangu mlioko Ufaransa mnaotafuta kazi, maana kuomba kazi tunafundishana sana, barua ya maombi, sivii, maswali ya intavyuu, ila siku umepata ofa na huitaki hamna anayekwambia uandike nini. Mimi yalinikuta. Jumatatu kampuni moja ya usafirishaji ikanitumia ofa ya mkataba wa kudumu, ule wanaouita CDI, wakanipa mpaka Ijumaa niwe nimejibu. Jumatano kampuni nyingine ikanipa kazi niliyokua naiwinda tangu mwanzo. Sa inabidi nimwandikie yule mama wa kampuni ya kwanza, aliyenitembeza godauni zima kwa miguu yake na kunieleza kila kona, nimwambie siji.

Rasimu yangu ya kwanza ilikua mstari mmoja: "Merci pour votre offre mais je refuse." Nikamsomea dada mmoja Mkongo tuliyekua tunasoma wote kozi, yeye Kifaransa amekua nacho. Akanyamaza kidogo afu akaniambia, mdogo wangu, hapo umefunga mlango kwa kishindo. Kosa la sarufi hamna, ila "je refuse" mtu anaisikia kama umekasirika, kama vile walikuletea kitu kibaya ukakisukuma kando. Akanipa maneno mawili ya kushika, "décliner", yani kukataa kwa adabu, na lile la muhimu zaidi, "ne pas donner suite".

Hili la pili ukilielewa kazi nusu imeisha. "Suite" ni mwendelezo, kwahiyo unasema tu jambo hili kwa upande wako haliendelei. Na mliotafuta kazi hapa mnalijua vizuri, maana kampuni zikikukataa ndo zinavyoandika, kwamba haziwezi kukupa "une suite favorable". Yani ni lugha yao wenyewe, wanaisoma kila siku, ni wazi na haina hasira, mtu akiisoma anajua umesema hapana na anajua hujamvunjia heshima.

Imeili niliyotuma mwishoni ndo hii, nimetoa majina tu:

```
Objet : Votre proposition – poste de coordinatrice logistique

Madame,

Je vous remercie de m'avoir proposé ce poste
et du temps que vous m'avez accordé.

Après mûre réflexion, j'ai décidé de ne pas
donner suite à votre proposition. J'ai accepté
un autre poste, plus proche de mon projet
professionnel.

Ce choix n'a pas été facile : j'ai été très
sensible à votre confiance, et la visite de
l'entrepôt m'a beaucoup appris.

Je serais heureuse d'échanger de nouveau
avec vous à l'avenir.

Bien cordialement,
```

Angalieni mpangilio wake. Shukrani kwanza, ila fupi, afu hapana inakuja mapema kwenye aya ya pili, sio kule chini. Ukimzungusha mtu aya tatu za sifa anaanza kufurahi kwamba umekubali, akifika mwisho anaumia mara mbili. Sababu nayo ni sentensi moja tu. "Projet professionnel" ni ile njia mtu aliyojipangia kwenye kazi yake, Wafaransa wanaiheshimu na mara nyingi hawakuchimbi zaidi ya hapo. Ukiandika mshahara ni mdogo, hata kama ni kweli, umeanzisha mazungumzo mapya, kesho watakupigia na ofa ya kuongeza na wewe ulishaamua. Hiyo iandike kama kweli unataka waongeze.

Kuna maneno yamenisumbua mimi na nimeona yakisumbua wengi tuliosoma kwa Kiingereza. "Sensible" kwa Kifaransa sio mtu mwenye busara, ni mtu aliyeguswa moyoni, ndo maana inakaa vizuri pale kwenye kushukuru imani yao. "Éventuellement" msiitumie mkidhani mnasema hatimaye, maana yake ni huenda au ikibidi, kwahiyo ukiandika "éventuellement, j'ai décidé" msomaji anabaki haelewi kama umeamua au bado. Na "pour le moment" ndo mtego mkubwa kabisa, unadhani unalainisha kumbe unamwambia akusubiri, na kule kuna mtu wa pili kwenye listi anangoja simu hiyo hiyo, kumchelewesha mwenzako si vizuri. Kama unataka kuacha mlango wazi weka ile sentensi ya mwisho, "échanger de nouveau", inatosha.

Mwanzoni nimeandika "Madame" peke yake, bila "Chère" na bila jina la ukoo, kwa sababu ndivyo yeye alivyoniandikia. Kama wao wamekua wanakuanzia na "Bonjour" na jina lako, jibu hivo hivo. Kama mliitana "tu" kwenye intavyuu endelea na "tu", ukirudi ghafla kwenye "vous" siku ya kukataa inasikika kama umenuna. Kama hukumbuki, weka "vous".

Jingine, kabla ya imeili nilipiga simu. Sikua nataka kabisa, Kifaransa cha simu kinanitoa jasho mpaka leo, ila mtu aliyekupa saa mbili zake anastahili kusikia sauti yako. Niliandika sentensi moja kwenye karatasi nikaisoma, "Je vous appelle avant de vous écrire, j'ai décidé de ne pas donner suite." Simu haikufika dakika tatu, imeili nikaituma mchana huo huo ili ibaki kwenye maandishi.

Na hili la sheria mlijue kabla hamjajibu chochote. Kuna ofa ya kawaida na kuna ile wanayoiita "promesse unilatérale de contrat de travail", zote zinataja kazi yenyewe, mshahara na tarehe ya kuanza, ila kwenye hiyo ya pili mwajiri ameshajifunga, kinachosubiriwa ni ndiyo yako tu. Mahakama ya juu, Cour de cassation, ilitenganisha hizi mbili vizuri kwenye uamuzi wake wa tarehe 21 Septemba 2017. Kabla hujasema ndiyo, uko huru kukataa zote mbili. Ila ukishaandika "j'accepte" kwenye yoyote kati ya hizo mkataba umeshafungwa hata kama hujasaini karatasi nyingine, na ukigeuka mwajiri anaweza kukudai fidia. Kwahiyo Jumatatu ile nilipofurahi sikuandika ndiyo, niliandika "Je vous remercie, je vous réponds avant vendredi." Mstari huo mmoja ndo ulionipa nafasi ya kusubiri Jumatano.

Yule mama alinijibu kabla sijatoka ofisini. Alinishukuru kwa kumwambia mapema, akaandika "n'hésitez pas à revenir vers nous", afu chini kabisa akaniuliza kama kuna mtu ninayemfahamu anayetafuta kazi ya aina ile. Nikampa namba ya mwenzangu mmoja wa kozi, baada ya kumwomba ruhusa, wakamwita intavyuu.