Jinsi nilivyoingiza daftari la maziwa la safu 41 kwenye upana wa karatasi moja ya A4

Mimi ni karani wa chama kidogo cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Muheza. Kila asubuhi naandika lita za kila mwanachama, na mwisho wa mwezi natoa orodha ya malipo ambayo kila mtu anaisoma na kutia sahihi mbele ya mweka hazina. Orodha hiyo naitunza kwenye Excel. Kwa asili yake ni pana: namba, jina, namba ya uanachama, siku 31, jumla ya lita, bei, fedha, kisha makato ya dawa, pumba na mkopo, halafu malipo na sahihi. Jumla safu 42, na wanachama walikuwa 86.

Mara ya kwanza nilipoipeleka kuchapwa mjini, steshenari walinikabidhi karatasi zaidi ya kumi. Mbili za kwanza zilikuwa na majina na siku tano za mwanzo. Zilizofuata zilikuwa na tarakimu tupu bila jina hata moja, na karatasi moja ilikuwa na namba ya simu peke yake katikati ya weupe. Nilizipanga sakafuni na kuziunga kwa gundi ya karatasi, na siku ya malipo watu walifuata mistari kwa rula ili wasitie sahihi kwenye lita za jirani. Wazee wawili walikosea hivyohivyo, ikabidi tufute na kuanza upya. Tangu siku hiyo niliamua kwamba jina na sahihi ya mtu lazima vikae kwenye karatasi ileile.

Nilianza na njia ambayo kila mtu hukuelekeza kwanza: kubonyeza Ctrl+P, kushuka chini penye `No Scaling`, na kuchagua `Fit Sheet on One Page`. Kweli yote iliingia kwenye karatasi moja, lakini hakuna aliyeweza kuisoma. Nilichukua rula nikapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Upana wa jedwali langu ulikuwa kama sentimita 93. Karatasi ya A4 iliyosimama ina upana wa sentimita 21, na ukitoa pembezo za kawaida inabaki 17.4. Kugawanya 17.4 kwa 93 unapata asilimia 19. Herufi za ukubwa wa 11 zikipunguzwa hadi asilimia 19 zinabaki na ukubwa wa 2, sawa na vumbi. Excel ilitii nilichoagiza. Kosa lilikuwa kwenye vitu vitatu nilivyokuwa sijavigusa.

Cha kwanza ni ile namba ya simu. Miezi ya nyuma niliiandika pembeni kwenye seli ya `BA5`, mbali na jedwali, nikaisahau. Excel huhesabu eneo la kuchapa hadi kwenye seli ya mwisho yenye kitu, kwa hiyo safu kumi na moja za ziada zilikuwa zinakula karatasi kwa ajili ya namba moja. Ukitaka kujua kama una tatizo hilo, bonyeza Ctrl+End uone mshale unakimbilia wapi. Ukiangukia mbali na mwisho wa jedwali lako, kuna kitu huko au kuliwahi kuwa na kitu. Dawa yake ni kuweka mpaka wa kuchapa: unachagua jedwali kuanzia kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, unafungua `Page Layout`, unabonyeza `Print Area`, kisha `Set Print Area`. Kilicho nje ya mpaka hakichapwi, hata kikibaki kwenye faili.

Cha pili ni kulaza karatasi. Humohumo kwenye `Page Layout` kuna `Orientation`, nikachagua `Landscape`, na kwenye `Margins` nikachagua `Narrow`. Sasa upana wa kuandikia ukawa sentimita 28.4 badala ya 17.4. Lakini jedwali lenyewe, hata bila namba ya simu, lilikuwa bado na sentimita 74. Hiyo ni asilimia 38, yaani herufi za ukubwa wa 4 na kitu. Bado hazisomeki.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema Excel haiwezi. Kitu cha tatu, ambacho kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni upana wa safu zenyewe. Excel ikikufungulia karatasi mpya, kila safu ina upana wa 8.43, ambao ni karibu sentimita 1.7. Safu zangu 31 za siku zilikuwa na upana huo wote kwa ajili ya tarakimu kama 12.5. Nilizichagua zote kwa pamoja kuanzia `D` hadi `AH`, nikabofya kulia, `Column Width`, nikaandika 4. Kwa hatua hiyo moja niliokoa zaidi ya sentimita 25. Ukienda chini ya hapo utaanza kuona `####`, au namba iliyokatwa desimali, badala ya namba kamili. Na uangalie jambo hili: wakati mwingine kioo kinaonyesha namba vizuri lakini karatasi inatoka na `####`, kwa sababu mashine ya kuchapa haipimi herufi sawasawa na kioo. Acha nafasi kidogo.

Safu ya bei niliiondoa kabisa. Bei ya lita ni moja kwa wote, sh 1,100, kwa hiyo niliihamishia juu kwenye mstari wa pili na fomula zikawa zinaisoma hapo. Safu nyingine nilizibana kadiri ya kilichomo, isipokuwa ya sahihi. Hiyo niliipanua hadi 20, maana mtu anayetia sahihi kwa mkono uliotoka kukamua anahitaji nafasi. Mwishowe jedwali likawa na safu 41, kuanzia `A` hadi `AO`, na upana wa sentimita 47.

Baada ya hapo ndipo nikagusa kupunguza ukubwa. Kwenye `Page Layout`, sehemu ya `Scale to Fit`, kuna `Width` na `Height`. Niliweka hivi:

```
Width:  1 page
Height: Automatic
```

Mstari wa pili ndio unaotofautisha orodha inayosomeka na isiyosomeka. Ukiweka `Height` nayo kuwa `1 page`, Excel italazimika kubana mistari 89 ndani ya kimo cha karatasi iliyolazwa, na kimo hicho ndicho kitakachoamua ukubwa wa herufi. Ukiiacha `Automatic`, upana peke yake ndio unaoamua, na mistari inaruhusiwa kushuka kwenye karatasi ya pili na ya tatu. Kwangu ilikuwa 28.4 kwa 47, yaani asilimia 60. Herufi zikawa na ukubwa wa karibu 6.6: ndogo, lakini zinasomeka bila shida mezani. Nakala ya ubao wa matangazo naichapa kwenye A3, inafika asilimia 86.

Faida nyingine ya kuacha kimo huru niliiona baadaye. Niliongeza kimo cha mistari hadi 24 ili sahihi zisipandane, na herufi hazikupungua hata kidogo, kwa sababu kimo hakiingii tena kwenye hesabu. Orodha ikatoka karatasi tatu. Ili karatasi ya pili na ya tatu zisianze bila vichwa vya safu, nilifungua `Print Titles`, na kwenye `Rows to repeat at top` nikaandika `$3:$3`, mstari wenye tarehe na majina ya safu. Ifungue kutoka `Page Layout`. Ukiifikia kupitia `Page Setup` ya kwenye ukurasa wa kuchapa, kile kisanduku kinakuwa cha kijivu na hakiandikiki. Mimi nilidhani programu imeharibika.

Miezi miwili ilikwenda salama. Mwezi wa tatu tulipokea wanachama watatu wapya, nikawaandika mistari ya 90, 91 na 92. Siku ya malipo mama yetu mweka hazina alikaa na kikokotoo chake kama kawaida yake, akajumlisha safu ya malipo karatasi kwa karatasi. Akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo. Majina haya hayafiki hiyo jumla uliyoandika juu."

"Imezidi kiasi gani, mama?"

"Laki mbili na kumi na nne elfu na mia tano."

Nilihisi mwili unapoa. Kwenye chama, fedha iliyo kwenye jumla lakini haina jina ni jambo la kuitisha kikao. Niligawanya 214,500 kwa 1,100, nikapata lita 195, na hapo nikajua. Zilikuwa lita za wale watatu, ambao walikuwa bado hawana makato yoyote. Jumla ya juu ilikuwa inawahesabu kwa sababu fomula yake ilikuwa `=SUM(AN4:AN300)`, lakini mpaka wa kuchapa ulikuwa umebaki `A1:AO89`. Excel haikutoa onyo lolote. Iliishia palepale nilipoiambia iishie, na watu watatu wakawa hawapo kwenye karatasi.

Nilimwonyesha mama kwenye laptopu. Nilifungua `View`, kisha `Page Break Preview`. Hapo mpaka wa kuchapa unaonekana kama mstari wa buluu, na kila kilicho nje yake kimefunikwa kwa kijivu. Majina yale matatu yalikuwa kwenye kijivu. Niliushika mstari wa buluu wa chini kwa kipanya, nikauburuta hadi chini ya mstari wa 92. Mwenyekiti aliandika pembeni ya karatasi sababu ya kuchapwa upya, wote watatu tukatia sahihi, na wale wapya wakalipwa jioni ileile.

Siku hizi mwanachama mpya simwandiki tena chini ya wa mwisho. Nabofya mstari wa mwanachama wa mwisho, naingiza mstari mpya juu yake, kisha napanga upya kwa namba ya uanachama. Mstari ukiingizwa ndani ya mpaka, mpaka wenyewe unatanuka. Mwezi wenye siku 30 naificha safu ya `AH`. Safu iliyofichwa haichapwi, na nafasi yake inarudi kwa herufi.

Jambo la mwisho ni la steshenari. Faili la Excel silipeleki tena. Natengeneza PDF nyumbani kwa `Save As`, kwa sababu kompyuta nyingine ikiwa haina aina ya herufi niliyotumia, safu hubadilika upana na hesabu yote huvurugika. Kijana wa pale namwomba achague `Actual size` badala ya `Fit`, na tunachapa karatasi ya kwanza peke yake. Naishika mkononi, naangalia kama safu ya sahihi ipo mwisho kulia na ina sentimita mbili na kidogo. Ikiwa ipo, namwambia aendelee na zilizobaki.